Mbeya na Arusha katika rangi mbili

Mzee aliinuka safu ya tatu, akaja hadi ukutani nilipobandika ramani, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati na kuivaa tena. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha akaweka kidole juu ya Mbeya, akakivuta hadi Arusha, akarudi Mbeya.

"Mwanangu," akaniuliza, "Arusha wanatuzidi watu wangapi kwa kilometa ya mraba?"

Sikuwa na jibu kichwani. Nilifungua jedwali kwenye kompyuta. Mbeya ilikuwa 45. Arusha ilikuwa 45. Ukutani, Mbeya ilikuwa rangi ya chungwa hafifu na Arusha chungwa iliyokolea, na ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kuamini kwamba mikoa hiyo haifanani.

Ramani ile ilionyesha msongamano wa watu kwa mikoa yote 30 ya Tanzania kwa hesabu ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2012. Takwimu zilikuwa sahihi, mipaka ilikuwa sahihi, na rangi zilipendeza. Kosa lilikuwa langu, nami nililifanya kwa sekunde moja tu, pale nilipoiachia programu iamue rangi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Miaka imepita, na bado nikifungua kazi mpya ya ramani ya rangi swali la mzee yule ndilo linalonijia kwanza.

Nieleze kilichotokea. Ramani ya namna hii haimwonyeshi msomaji namba zenyewe. Namba 30 zinagawanywa katika madaraja machache, kila daraja linapewa rangi yake, na mkoa unapakwa rangi ya daraja ulimoangukia. Mikoa iliyo ndani ya daraja moja huonekana sawasawa kabisa, hata kama inatofautiana sana. Mikoa iliyotenganishwa na mpaka wa daraja huonekana tofauti, hata kama inakaribiana kama pacha. Kwa hiyo anayeweka mipaka ya madaraja ndiye anayeamua msomaji aone tofauti wapi na asiione wapi. Programu ninayotumia, QGIS, ina orodha ya njia za kuiweka mipaka hiyo. Siku ile nilikuwa nimechagua `Equal Count (Quantile)` na madaraja matano. Njia hiyo hupanga mikoa kuanzia wenye namba ndogo hadi wenye namba kubwa, kisha huikata kwa idadi sawa: mikoa sita kila daraja.

Daraja la kwanza likapata Katavi yenye watu 12 kwa kilometa ya mraba, Lindi 13, Ruvuma 22, Iringa 27, Singida 28 na Tabora 30. La pili likaanza na Morogoro yenye 31 na kuishia na mkoa wa kumi na mbili katika orodha, ambao ni Mbeya. Wa kumi na tatu ni Arusha. Ukigawanya wakazi kwa eneo bila kukata desimali, Mbeya ni 44.9 na Arusha ni 45.1. Tofauti hiyo haifiki hata robo ya mtu mmoja kwa kilometa ya mraba, lakini zamu ya sita ilikuwa imetimia kwa Mbeya, basi mpaka ukapita hapo.

Kibaya zaidi kilikuwa juu ya orodha, na mzee hakukiona kwa sababu macho yake yalikuwa kwao. Daraja la tano, lenye rangi nzito kuliko zote, lilikusanya mikoa sita ya mwisho: Mwanza 293, Kaskazini Pemba 369, Kaskazini Unguja 399, Kusini Pemba 588, Mjini Magharibi 2,581 na Dar es Salaam 3,133. Mwanza na Dar es Salaam zilipakwa rangi moja ilhali moja inaizidi nyingine zaidi ya mara kumi. Ramani yangu ilikuwa imetenganisha 45 na 45, na kuunganisha 293 na 3,133.

Nilirudi ofisini nikiwa na haya, na jambo la kwanza nililofanya ni kujaribu njia nyingine zilizomo kwenye orodha ile ile ya programu. Nizieleze hapa kwa namba zilezile, kwa sababu mtu akisikia tu kwamba kila njia ina faida na hasara zake haelewi kitu.

Njia inayoonekana ya haki kuliko zote ni `Equal Interval`, yaani kila daraja liwe na upana sawa. Kutoka 12 hadi 3,133 kuna 3,121; ukigawanya kwa tano, kila daraja lina upana wa 624 hivi. Daraja la kwanza linatoka 12 hadi 636. Ndani yake inaingia mikoa 28. Madaraja matatu yanayofuata hayana mkoa hata mmoja. La mwisho lina Mjini Magharibi na Dar es Salaam. Ufunguo wa ramani unaonyesha rangi tano, lakini nchi ina mbili tu: weupe kutoka Kagera hadi Mtwara, na vidoa viwili vyeusi pwani. Ramani hiyo haisemi uongo. Inasema tu jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba mjini kuna watu wengi, na inanyamaza kuhusu Kilimanjaro na Katavi, ambazo moja ina msongamano mara kumi ya nyingine.

Kuna wanaosema tuache madaraja kabisa, kila mkoa upate kivuli chake kulingana na namba yake. Waldo Tobler, mwanajiografia wa Marekani, aliliweka pendekezo hilo mezani mwaka 1973, na kwa data iliyosambaa vizuri linafaa. Kwa namba zetu linaleta weupe uleule, kwa sababu Dar es Salaam inakula karibu uzito wote wa rangi na mikoa 28 inagawana mabaki.

Njia ya tatu ndiyo niliyoitegemea zaidi, na ndiyo iliyonishangaza. Inaitwa `Natural Breaks (Jenks)`, kwa jina la George Jenks, mchora ramani wa Chuo Kikuu cha Kansas. Inatafuta mipaka ambayo itafanya namba zilizo ndani ya kila daraja zikaribiane kadiri inavyowezekana, na kipimo chake ni jumla ya mraba wa tofauti kati ya kila namba na wastani wa daraja lake. Maelezo hayo yanavutia: weka pamoja vinavyofanana. Nilibofya nikingoja nafuu. Dar es Salaam ikapata daraja lake peke yake. Mjini Magharibi ikapata lake. Kusini Pemba ikapata lake. Mwanza, Kaskazini Pemba na Kaskazini Unguja zikaunda la nne. Na mikoa 24 iliyobaki, kuanzia Katavi 12 hadi Kusini Unguja 135, yote ikatiwa katika daraja moja.

Ilinichukua muda kuelewa sababu, nami naiona kuwa ndiyo kiini cha jambo zima. Kipimo kile kinahesabu tofauti kwa kutoa: 3,133 kutoa 2,581 ni 552, na 552 ikizidishwa kwa yenyewe ni mlima. Katavi na Kilimanjaro zimeachana kwa 112 tu, na mraba wake mbele ya mlima ule ni kichuguu. Programu ikatumia madaraja yake kuondoa milima. Lakini msongamano wa watu hausikiki kwa kutoa. Mkoa ukitoka watu 12 kwa kilometa ya mraba kufika 24, kila kitu kimebadilika: zahanati moja inahudumia kaya mara mbili, kisima kina foleni, shamba la jirani limesogea. Mtaa ukitoka 3,012 kufika 3,024 hakuna atakayegundua. Watu kumi na wawili ni wale wale, uzito wao si ule ule. Kinachofaa kulinganishwa hapa ni mara ngapi, si ngapi zaidi.

Tangu siku hiyo siichagui njia ya madaraja kabla sijajiuliza swali hilo. Ningekuwa nachora asilimia ya kaya zenye umeme, namba zinakaa kati ya 0 na 100, hakuna mkoa unaoweza kuizidi mingine mara mia, na upana sawa wa 20 kila daraja ungemfaa msomaji kuliko ujanja wowote: anausoma bila maelezo.

Kwa msongamano, niliacha programu na kuchapa orodha. Mikoa 30, kutoka mdogo hadi mkubwa, safu moja kwenye karatasi, na kalamu mkononi. Nilipiga mstari kila penye pengo. Kati ya Ruvuma 22 na Iringa 27 pana pengo. Kati ya Pwani 34 na Rukwa 44 pana pengo. Mbeya na Arusha zimebanana, hapo kalamu haipiti. Baada ya Arusha inakuja Dodoma 50, kisha Kigoma 57, Simiyu 63. Mtwara, Tanga, Mara, Shinyanga na Geita zinafuatana kutoka 76 hadi 87, Kagera 97, halafu kuna mruko hadi Kilimanjaro 124 na Kusini Unguja 135. Kutoka hapo ni mruko mkubwa hadi Mwanza 293. Na kutoka Kusini Pemba 588 hadi Mjini Magharibi 2,581 hakuna mtu, yaani hakuna mkoa.

Juu ya orodha hiyo niliweka namba zinazokua kwa mara mbili: 25, 50, 100, 200. Zikaangukia karibu zote ndani ya mapengo niliyoyaona. Namba 50 ina faida ya ziada: msongamano wa nchi nzima mwaka huo ulikuwa 51, kwa hiyo mpaka huo unamwambia msomaji, kwa makadirio, nani yuko chini ya taifa na nani yuko juu. Baada ya 200 ningeendelea 400 na 800, lakini 400 ingepita nywele moja juu ya Kaskazini Unguja, mpaka uonekane kama ajali. Kwa kuwa hakuna mkoa kati ya 588 na 2,581, niliruka moja kwa moja hadi 1,000.

Madaraja yakawa sita. Chini ya 25 kuna mikoa mitatu: Katavi, Lindi na Ruvuma. Kati ya 25 na chini ya 50 kuna kumi, Mbeya na Arusha zikiwa pamoja. Kutoka 50 hadi chini ya 100 kuna tisa. Kutoka 100 hadi chini ya 200 kuna miwili. Kutoka 200 hadi chini ya 1,000 kuna minne, Mwanza ikiwa na Pemba zote mbili na Kaskazini Unguja. Na kutoka 1,000 kwenda juu ni Mjini Magharibi na Dar es Salaam. Kipimo changu cha mwisho ni rahisi: ndani ya kila daraja, gawanya mkoa mkubwa kwa mdogo. Madaraja manne ya kwanza hayafiki mara mbili. La tano ni mara mbili kamili. La mwisho ni moja na robo hivi. Katika ramani iliyoniaibisha, daraja la juu lilikuwa mara kumi na kitu.

Kuna gharama, na si haki kuificha. Msomaji anayetazama ngazi sita za rangi hudhani kila ngazi ina kimo kimoja, na hapa hazina. Ndiyo maana kwenye ufunguo naandika maneno, si namba peke yake: "kila daraja ni mara mbili ya lililotangulia, isipokuwa mawili ya juu." Naandika pia idadi ya mikoa pembeni mwa kila kisanduku cha rangi. Na siandiki "25–50" kisha "50–100", maana mtu wa mkoa wenye 50 atauliza yeye ni wa wapi. Naandika "25 hadi chini ya 50."

Dodoma ilinisumbua. Ni 50.4, imeukaribia mpaka kiasi cha kuonekana kama ajali. Nilifikiria kusogeza mpaka hadi 48, ambayo iko katikati ya pengo hasa. Nikaamua kuuacha 50 kwa sababu msomaji anaikumbuka, na 48 ingemfanya atafute siri isiyokuwepo. Badala yake nikaandika namba ya msongamano juu ya kila mkoa, kwa herufi ndogo. Mtu akiwa na shaka kuhusu rangi, namba ipo palepale. Laiti ningefanya hivyo mara ya kwanza, mzee asingehitaji kuniuliza.

Kuhusu rangi zenyewe nitasema machache. Kwa namba zinazopanda upande mmoja, kinachobeba maana ni weupe kugeuka uzito, si mabadiliko ya rangi. Nilikuwa na tabia ya kutoka kijani kupitia njano hadi nyekundu, na nilipowasikia watu wakisema mkoa wenye rangi nyekundu "una hali mbaya" nikaelewa kwamba nimewahukumu bila kukusudia. Msongamano si ugonjwa. Zaidi ya hapo, wapo wanaume si haba wasiotofautisha kijani na nyekundu, na hawatakwambia. Sasa natumia seti za rangi za ColorBrewer, alizozitayarisha Cynthia Brewer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, zile zinazotoka malai hadi kahawia iliyoiva. Siongozwi na uzuri wa kwenye skrini. Nachapa ramani, naipitisha kwenye mashine ya fotokopi isiyo na rangi, kwa sababu huko ndiko itakakofika, kisha namwomba mwenzangu afunike ramani yote isipokuwa mkoa mmoja na aniambie ni kisanduku kipi cha ufunguo. Akikosea kati ya daraja la tano na la sita, madaraja ni mengi mno au hatua za rangi ni fupi mno. Kwa sita tulipita kwa shida. Kwa saba hatukupita.

Bluu siitumii katika ramani ya Tanzania. Niliwahi kuitumia, na Ziwa Viktoria, nililolipaka bluu hafifu kama desturi, likasomwa kama mkoa mkubwa wenye watu wachache. Maziwa sasa ni kijivu na nimeyaandika majina yake. Ziwa hilo lina mtego mwingine ambao hauko kwenye rangi bali kwenye hesabu: zaidi ya nusu ya eneo la mkoa wa Mwanza ni maji. Ukigawanya watu kwa eneo lote badala ya nchi kavu, Mwanza inaporomoka kutoka 293 hadi chini ya nusu ya hapo, inaungana na Kilimanjaro, na hakuna mpangilio wa madaraja utakaokuokoa. Nikiona Mwanza imepauka kwenye ramani ya mtu, jambo la kwanza ninalouliza ni kama ametoa maji.

Na mikoa midogo. Daraja zito kuliko yote lina mikoa miwili ambayo kwa pamoja haifiki hata kilometa za mraba 1,700, katika nchi ambayo Tabora peke yake ina zaidi ya 76,000. Kwenye karatasi ya kawaida, Mjini Magharibi ni nukta. Jicho linahesabu wino, si watu, na wino mwingi wa ramani yangu ni wa mikoa yenye watu wachache. Naweka kisanduku pembeni kinachokuza Unguja, Pemba na Dar es Salaam, na nakiweka upande wa bahari, karibu na pale vilipo, ili jicho lisisafiri mbali.

Matokeo ya sensa ya 2022 yalipotoka, nilifungua faili la zamani kwa furaha kidogo, maana sasa madaraja yangu yangefanya kazi niliyoyaundia. Mbeya ilikuwa imegawanyika mwaka 2016 ikazaliwa Songwe, kwa hiyo mikoa ilikuwa 31. Kijana mmoja ofisini alikwisha kuchora yake kwa idadi sawa, akaja kunionyesha.

"Dada, hebu angalia. Haijabadilika sana."

Alikuwa amesema kweli kuhusu alichokiona. Kwa njia ile, sehemu ya tano ya mikoa huwa katika daraja la chini hata kama nchi nzima imeongezeka maradufu. Nikaweka takwimu mpya juu ya mipaka ya zamani: 25, 50, 100, 200, 1,000. Ruvuma ikapanda daraja, ikafika 29. Geita na Kagera zikavuka 100. Daraja la chini likabaki na Lindi peke yake, yenye 18.

Katavi ndiyo iliyotufanya tukae hadi jioni. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 564,604, na mwaka 2022 ikawa na 1,152,958, zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Tuligawanya kwa kilometa za mraba 45,843 zilezile za mwanzo ikaja 25.15. Imevuka mpaka kwa kiasi ambacho kosa dogo la kupima eneo lingeirudisha. Kijana alitaka tushushe mpaka hadi 24 ili Katavi ikae vizuri. Nilikataa, kwa sababu mpaka ukihama, ramani mbili haziwezi tena kuwekwa kando kwa kando, na hiyo ndiyo sababu ya kuzichora. Tukaiacha Katavi katika daraja lake jipya, tukaandika juu yake "12" kwa 2012 na "25" kwa 2022, na chini ya ufunguo tukaongeza sentensi moja inayosema mkoa huo umeuvuka mpaka kwa sehemu ndogo ya mtu mmoja. Kisha tukachapa nakala mbili, tukazipitisha kwenye fotokopi, naye akafunika moja kwa mkono akaniambia nitaje daraja la Katavi.